Kaskazi Inapokwisha: Haki za Kibarua na Mfanyakazi wa Msimu Hotelini

Watu wa Pwani ya Kenya wanaijua kalenda ya hoteli kama wanavyoijua kalenda ya bahari. Kaskazi inapoanza kuvuma, wageni huja. Desemba hadi Machi vyumba hujaa kuanzia Diani hadi Malindi. Masika yanapoingia mwezi wa Aprili, wageni hupungua, baadhi ya hoteli hufunga nusu ya vyumba vyao, nyingine hufunga milango kabisa ili zipakwe rangi. Ni katika majuma hayo ndipo nyumba nyingi za mitaa yetu hupokea habari ileile: kijana ameambiwa asirudi kesho, binti ameambiwa mkataba umekwisha, na kodi ya nyumba ni ileile ya mwezi uliopita.

Habari ni moja, lakini hali ya kijana na hali ya binti si moja mbele ya sheria. Huyu wa kwanza aliitwa kibarua. Huyu wa pili alipewa karatasi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Wazazi wengi huwaweka katika fungu moja na kusema, “Ndiyo kazi za msimu, hazina haki.” Kauli hiyo si sahihi kwa yeyote kati yao, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, kwa kufuata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Wasomaji wetu wa Unguja na Bara wana sheria zao, na hesabu zitakazofuata hapa wasizichukue kuwa zao.

Tuanze na kibarua. Neno hili hotelini hutumika kwa kila mtu asiye na barua ya ajira: muosha vyombo wa jikoni, msaidizi wa bustani, anayetandika vitanda, anayebeba viti vya ufukweni. Sheria, kwa upande wake, imelifafanua kwa ufinyu mkubwa. Kibarua ni mtu ambaye masharti ya kuchukuliwa kwake ni kulipwa mwisho wa kila siku, na ambaye hachukuliwi kwa zaidi ya saa ishirini na nne kwa wakati mmoja. Maana yake, kila asubuhi ni mkataba mpya, na kila jioni mkataba huo umekufa na ujira wake umelipwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuambiwa jioni kwamba kesho hakuna kazi, na hakuna notisi anayodai.

Sasa mtazame kijana wa hotelini. Jina lake limo katika rosta ya juma zima. Analipwa kila baada ya majuma mawili. Ana namba ya kadi ya getini. Mtu huyu ameitwa kibarua kwa mdomo tu, kwa sababu wala malipo yake wala muda wake haufanani na ule ufafanuzi.

Hapa ndipo kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinapoingia, nacho ni kifungu ambacho kila familia yenye mtu hotelini ingefaa ikijue kwa namba yake. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku za mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi ajira yake huhesabiwa kuwa ajira ya kulipwa kwa mwezi. Hageuzwi na meneja wala na barua. Hugeuzwa na siku zenyewe. Na akiendelea mfululizo kwa miezi miwili au zaidi tangu siku ya kwanza, anastahiki masharti yote ambayo angestahiki kama asingeanza kwa ukibarua.

Katika kuhesabu huo mfululizo, sheria imeziba mlango ambao wengi hudhani uko wazi. Kila baada ya siku sita za kazi, kibarua anahesabiwa kuwa na siku moja ya mapumziko yenye malipo, na siku hiyo huingia katika hesabu. Sikukuu za taifa nazo huingia. Kwa hiyo mtu hawezi kuambiwa kwamba mfululizo wake ulikatika kwa sababu hakuja Jumapili, au kwa sababu alipumzika siku ya Idd-ul-Fitri, ambayo ni sikukuu ya taifa.

Tuchukue mfano wenye tarakimu ili jambo lionekane. Kijana ameanza kuosha vyombo katika jiko la hoteli Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, kwa ujira wa shilingi 1,000 kwa siku. Anafanya kazi siku sita kwa juma na kulipwa kila Jumamosi ya pili. Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026 msimamizi wa jiko anamwambia, “Wageni wamekwisha, tutakupigia simu.” Amepewa shilingi 12,000 za majuma mawili ya mwisho na kwenda zake. Kwa mtazamo wa hoteli, hesabu imefungwa.

Hesabu ya sheria ni nyingine. Kuanzia tarehe 3 Novemba hadi tarehe 18 Aprili ni majuma ishirini na manne kamili. Mwezi wa kwanza ulipotimia mapema Desemba, ukibarua ulikwisha. Miezi miwili ilipotimia mapema Januari, akawa na haki za mfanyakazi wa mwezi. Basi anadai mambo matatu.

La kwanza ni notisi. Mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi hupewa notisi ya maandishi ya siku 28, au alipwe ujira ambao angeupata katika siku hizo. Siku 28 kwa shilingi 1,000, ikiwa siku za mapumziko nazo zinalipwa, ni shilingi 28,000.

La pili ni likizo. Watu wengi wanajua kwamba mwaka mmoja wa kazi huzaa siku 21 za likizo yenye malipo. Wasilolijua ni kwamba anayeachishwa baada ya miezi miwili au zaidi hapotezi fungu lake: kila mwezi uliotimia humpa siku moja na robo tatu. Kijana wetu ametimiza miezi mitano, na zile siku za juu hazikutimia mwezi wa sita. Mitano mara 1.75 ni siku 8.75, yaani shilingi 8,750.

La tatu ni zile siku za mapumziko. Katika majuma ishirini na manne alistahiki siku ishirini na nne za kupumzika kwa malipo, naye alilipwa siku alizofanya kazi tu. Hizo ni shilingi 24,000.

Jumla ni shilingi 60,750. Kwa nyumba inayolipa kodi ya shilingi 6,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya miezi kumi, nayo iliachwa mezani kwa sababu hakuna aliyeketi na kalenda. Bado hatujagusa posho ya nyumba, ambayo mwajiri anapaswa kuitoa juu ya mshahara ikiwa hampi mfanyakazi makazi, isipokuwa iwe imekubaliwa kwamba imo ndani ya mshahara. Wala hatujagusa swali kama kuachishwa kwenyewe kulikuwa kwa haki, jambo ambalo mahakama hulipima kwa sababu zilizotolewa na utaratibu uliofuatwa.

Huenda msomaji akauliza: je, hoteli hazilijui hili? Zinalijua vizuri. Ndiyo maana baadhi ya wasimamizi humpumzisha kibarua kila baada ya majuma matatu, wakamrudisha baada ya siku tano au sita, ili mwezi usitimie. Wengine hubadilisha jina la mwajiri: Novemba analipwa na hoteli, Januari analipwa na wakala wa vibarua, ilhali jiko ni lilelile na msimamizi ni yuleyule. Hila ya kwanza ina nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mahakama zimewakatalia watu madai kwa sababu walifanya kazi kwa vipande na hawakuweza kuonyesha mfululizo. Anayepumzishwa kwa namna hiyo na aandike kila tarehe ya kutoka na ya kurudi, na nani alimwambia, kwa kuwa pengo la siku tano linalojirudia kila mwezi ndani ya kazi isiyokoma linaeleza kisa tofauti na pengo la miezi miwili.

Na hapo tunafika kwenye udhaifu mkubwa wa vibarua, nao ni ushahidi. Wengi huenda kwa afisa wa kazi wakiwa na maneno matupu. Hoteli huleta karatasi ya malipo inayoonyesha siku arubaini, kijana anasema mia moja arubaini na nne. Nani ataaminiwa? Daftari la shilingi thelathini, likiandikwa kila siku tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, lina uzito. Picha ya rosta iliyobandikwa ukutani ina uzito zaidi. Ikiwa ujira ulitumwa kwa M-Pesa, taarifa ya miezi sita inaonyesha kila malipo na aliyetuma. Na ikiwa michango ya NSSF ilikatwa na kupelekwa, kumbukumbu yake hutaja mwezi kwa mwezi. Iwapo makato yalifanywa lakini hayakupelekwa, hilo nalo ni jambo la kumwonyesha afisa. Baba mmoja mwenye busara, ambaye wanawe wawili wako katika hoteli za kusini, amefanya desturi ya kuwauliza baada ya chakula cha usiku: leo umeandika? Ni swali dogo, na nimeona likiokoa madai ya watu.

Kabla hatujaenda kwa binti mwenye mkataba, neno juu ya saa za kazi, kwa kuwa kibarua na wa msimu wote wanaumizwa na jambo moja, nalo ni shifti iliyokatwa. Mtumishi wa mkahawa anaingia saa kumi na mbili asubuhi kuandaa kifungua kinywa, anatoka saa nne. Anarudi saa kumi na mbili jioni kwa chakula cha usiku, anatoka saa nne usiku. Katika daftari la hoteli hizo ni saa nane. Katika maisha yake ni saa kumi na sita, nauli ya matatu mara mbili, na watoto anaowaona wamelala. Saa za katikati hazilipwi ikiwa yuko huru kwenda kwake. Lakini ikiwa ameambiwa asitoke, asubiri katika chumba cha wafanyakazi endapo kundi la wageni litafika, hapo si huru, na saa hizo aziandike. Sheria yenyewe inataka siku moja kamili ya mapumziko katika kila siku saba. Viwango vya kulipa saa za ziada vimo katika agizo la mishahara la sekta ya hoteli, na katika makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA na chama cha wenye hoteli. Anayetaka kuvijua kwa kazi yake na aombe nakala kwa mwakilishi wa chama pale kazini, asiridhike na kusimuliwa.

Sasa tumtazame binti. Yeye amepewa mkataba wa msimu: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi, kutandika vyumba, mshahara shilingi 26,000 kwa mwezi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uwe wa maandishi, na kazi ya kuuandika ni ya mwajiri. Mwajiri akishindwa kuuleta mahakamani, ni juu yake kukanusha sharti ambalo mfanyakazi anasema lilikuwapo. Waliosoma fiqhi watakumbuka kwamba hata katika mlango wa ijara, kazi, muda na ujira havitakiwi kuachwa gizani. Karatasi iliyoachiwa nafasi tupu za tarehe, ambayo wengine huambiwa watie sahihi “ijazwe baadaye,” haitimizi hata hilo.

Mkataba wa binti unakwisha wenyewe tarehe 31 Machi. Hapa ni lazima niseme jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya wasomaji. Hoteli hailazimiki kumpa notisi siku hiyo ikifika, wala kueleza kwa nini haikumwongezea muda. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba mkataba wa muda maalumu, kwa kawaida, haubebi ndani yake ahadi ya kurudiwa. Kwamba alirudishwa misimu mitatu iliyopita hakumfanyi kuwa wa kudumu peke yake. Kinachoweza kubadilisha mambo ni ahadi ya wazi, kwa mfano barua ya Februari inayosema atahitajika hadi Julai.

Lakini kwisha kwa mkataba si kwisha kwa haki. Miezi minne imetimia, na kila mmoja umemletea siku 1.75 za likizo, jumla siku saba. Mshahara wa 26,000 ukigawanywa kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,000 kwa siku, basi anadai 7,000 pamoja na mshahara wote wa Machi. Baadhi ya hoteli humwambia mtu wa msimu kwamba likizo yake “imo ndani ya mshahara.” Na imo wapi? Ikiwa mkataba na hati ya mshahara havioneshi, aulize kwa maandishi.

Kuna mistari miwili katika mikataba hii ambayo ningependa isomwe na zaidi ya mtu mmoja nyumbani kabla ya sahihi. Wa kwanza ni ule unaosema kwamba kampuni inaweza kuukatiza mkataba kulingana na idadi ya wageni. Ukiwapo, utazame unataka notisi ya siku ngapi, kwa sababu binti akirudishwa nyumbani tarehe 28 Februari bila notisi hiyo, anaidai. Usipokuwapo kabisa, mkataba ulikuwa hadi 31 Machi, naye anaweza kudai ujira wa mwezi uliokuwa umebaki. Mstari wa pili ni wa muda wa majaribio. Majaribio ya miezi mitatu katika mkataba wa miezi minne yanamwacha mtu akijaribiwa karibu msimu mzima, na katika majaribio notisi ni siku saba tu. Hili linaweza kujadiliwa kabla ya kuanza, na kwa uzoefu wangu wa kuwasomea watu karatasi hizi, mameneja wa ajira hukubali kuupunguza muda huo mara nyingi kuliko tunavyotarajia.

Kisha kuna tarehe 1 Aprili. Mkataba umekwisha jana, lakini bado kuna kundi la wageni la siku kumi, na msimamizi anamwambia binti aendelee tu. Anaendelea, analipwa, na Aprili inapita. Hakuna karatasi mpya. Kwa kuendelea kumpa kazi na kumlipa, hoteli imeiendeleza ajira kwa mwenendo wake, na mtu huyo hawezi tena kuambiwa kwamba alimalizika tarehe 31 Machi. Kwa upande wa binti, jambo la kufanya ni dogo: aombe barua kabla ya tarehe 31, hata ya mistari miwili, na akinyimwa atume ujumbe wa simu kwa msimamizi, “Nimeambiwa niendelee na kazi kuanzia tarehe 1 Aprili, nitafika kwa shifti ya asubuhi.” Jibu la “sawa” ni ushahidi.

Siku ya kuondoka ina mtego wake, nao huwapata vibarua na watu wa msimu sawasawa. Mhasibu huweka mezani hati ya kumalizana. Juu yake pana kiasi cha pesa, na chini yake maneno kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana madai mengine. Nyuma yake kuna foleni, na fedha zinahitajika leo. Mahakama ya Rufani imekwishaamua kwamba hati ya namna hiyo, ikiwa ilitiwa sahihi kwa hiari na kwa kuelewa, inaweza kumfunga aliyeitia. Kijana wa mfano wetu akiisaini kwa shilingi 12,000, zile 60,750 zitakuwa na safari ngumu. Anayoweza kufanya ni kuomba nakala akaisome nyumbani. Akikataliwa, aandike kando ya sahihi yake kwa mkono, “Nimepokea shilingi 12,000 za siku nilizofanya kazi, notisi na likizo sijalipwa,” kisha aipige picha.

Mwenye madai aanze kwa kuiandikia hoteli barua ya heshima yenye tarehe na hesabu. Asipojibiwa, aende kwa afisa wa kazi wa kaunti yake, huduma ambayo haihitaji wakili. Afisa humwita mwajiri, na mambo mengi ya kiasi hiki humalizika mezani pake. Yakishindikana, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, yenye vituo Mombasa na Malindi. Na kwa mfanyakazi ambaye mshahara wake haukuzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, baadhi ya mahakimu nao wamepewa mamlaka ya kusikiliza. Muda ni miaka mitatu tangu haki iliponyimwa. Wanaosubiri msimu ujao wakitumaini kuitwa tena, wakasubiri na wa pili, huja wakati mlango unakaribia kufungwa.

Na kabla ya kutoka getini, aombe hati ya utumishi. Kila aliyefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi anastahiki kupewa, awe aliitwa kibarua au vinginevyo. Hutaja jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe aliyomaliza. Hoteli ikiiandika kwa tarehe zake za kweli, imethibitisha kwa mkono wake ule mfululizo wa siku. Na Novemba ijayo, kijana akibisha hodi kwenye hoteli nyingine, atakuwa na karatasi ya kuonyesha.